Dawa ya Saa Sita

Mama mkwe wangu alifundisha Kiswahili darasa la sita na la saba kwa miaka thelathini na moja. Alipostaafu alirudisha shuleni kila kitu isipokuwa kalamu nyekundu. Anasahihisha karatasi ya sokoni, anasahihisha bango la fundi cherehani, anasahihisha kadi ya harusi kabla hajaamua kama ataenda. Hata jibu la posa alilotuma baba yangu alilipa alama kumi na nne kwa ishirini, ndoa ikapita kwa shida. Watu wote wanamwita Mwalimu. Mimi namwita Mama, lakini moyoni nami naona ni Mwalimu, maana niliishia darasa la saba na kwake mimi ni mwanafunzi aliyeolewa na mwanawe.

Siku ya chanjo ya wiki kumi na nne aliamka kabla yangu. Nilimkuta amevaa, mkoba uko mapajani, na ndani ya mkoba kuna chupa ya dawa ya maji ya homa na kijiko kimefungwa kwenye kitambaa safi.

"Mama, chupa ya nini mapema yote hii?"

"Ya mtoto. Tutampa kwenye foleni, sindano ikute dawa imeshakaa mwilini. Kinga ni bora kuliko tiba."

Ndivyo alivyofanya wiki ya kumi. Nilikuwa nimeshikilia kadi, yeye akashikilia kijiko. Mtoto akalala siku nzima mpaka nikawa naweka kidole puani kuisikia pumzi. Safari hii nilikuwa nimejiapia kwamba hakuna kitakachoingia kinywani mwa mwanangu bila sababu. Lakini kujiapia ni jambo moja, kumwambia Mwalimu ni jambo la pili, na kati ya hayo mawili pana mto.

Kliniki tulikaa kwenye benchi refu, watoto wamefunuliwa mapaja kama samaki wa kuuza. Mwalimu alipotoa kijiko, nesi alimwona kwa mbali. Alikuwa mama mnene mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu aliyesema neno lilelile tangu asubuhi.

"Bibi, hicho kijiko ni cha nini?"

"Cha homa."

"Mtoto ana homa?"

"Bado. Ndiyo maana nampa."

Nesi akamtazama mtoto. Mtoto akamtazama nesi, akatabasamu bila meno.

"Rudisha kwenye mkoba, Bibi. Siku hizi hatuwapi kabla ya sindano, wala hatuwapi ili mradi wamechomwa. Ukimwahi na dawa, unaweza kuupunguzia mwili nguvu ya kuijibu chanjo. Tunasubiri. Akipata homa, au akilia kwa maumivu hadi hatulii, hapo anapewa."

"Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba."

"Na kinga ndiyo hii niliyoishika mimi. Hiyo uliyoishika wewe ni tiba."

Benchi zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Sikuwahi kumwona mtu akipigwa kwa methali yake mwenyewe, na nilijua nitalipia mimi.

Mtoto alipimwa, kilo sita kamili. Akapewa matone mdomoni, akachomwa mapaja yote mawili, akalia kilio kimoja kirefu cha kuwashtaki watu wote waliokuwepo, kisha akanyonya akasahau. Nesi akaomba kuiona ile chupa. Akaigeuza, akasoma ubavuni.

"Hii ina miligramu mia moja ishirini kwa kila mililita tano. Vizuri. Kuna nyingine za matone, hizo ni kali zaidi, usije ukazichanganya na hii. Mtoto anapewa kwa uzito, si kwa kijiko. Kila kilo miligramu kumi hadi kumi na tano. Huyu kilo sita, mililita tatu zinamtosha." Akanipa bomba dogo lisilo na sindano, lenye mistari. "Pima kwa hili. Vijiko vya nyumbani kila kimoja kina tumbo lake." Halafu akaandika nyuma ya kadi huku anasema, nami nikayashika yote kama mtu anayeshika maji kwa viganja:

*Akiwa na homa (38 au zaidi) mpe ml 3. Arudie kila baada ya masaa 6 kama homa bado ipo. Isizidi mara 4 kwa siku.*

Chini akaandika namba ya simu ya kliniki. Mwalimu aliinyosha shingo kusoma. Nilimwona midomo ikicheza ilipofika katikati, kama mtu aliyetafuna mchanga kwenye wali.

Tulipofika nyumbani niliweka kadi mezani nikaenda kufua nepi. Niliporudi ilikuwa imesahihishwa. Mwalimu alikuwa ameandika pembeni kwa wekundu: *Wingi wa saa ni saa. Hakuna masaa.* Kisha, kwa kuwa mkono ulikwishapata moto, alikuwa amekata na "baada ya", akisema maneno hayo hayana kazi, yanajaza ukurasa. Kilichobaki kilisomeka hivi: *Arudie kila saa 6.*

"Sasa imenyooka," akasema. "Wanasomea udaktari wanasahau ngeli."

Wala sikuona ubaya. Nilidhani ameondoa uchafu tu.

Saa tano na nusu shemeji yangu akaingia, mikono myeusi ya kazini. Shemeji ni fundi wa pancha. Jina lake la nyumbani ni Daktari, kwa sababu alipokuwa mdogo alijing'oa jino kwa uzi na mlango, na tangu siku hiyo ukoo mzima ukiumwa unamuuliza yeye. Yeye naye hajawahi kusema hajui.

Aliichukua kadi kwa ncha za vidole, akasoma kwa sauti.

"Kila saa sita. Yaani saa sita mchana na saa sita usiku."

"Ndiyo maana yake," akasema Mwalimu.

"Lakini hapa wameandika isizidi mara nne. Saa sita kwa siku zipo mbili. Hizo nyingine mbili tunazitoa wapi?"

Mwalimu alikuwa na uso wa mtu aliyekutana na hesabu ngumu kwenye mtihani wa lugha. Ndipo akainua macho akatazama saa ya ukutani ya sebuleni, kisha akainama kidogo kutazama ile ya jikoni kupitia mlangoni. Ya jikoni inachelewa dakika arobaini tangu mwaka juzi. Hakuna anayeirekebisha, kwa kuwa wali umeshaizoea.

"Nyumba hii," akasema polepole, "saa sita inaingia mara nne. Mara mbili sebuleni, mara mbili jikoni."

Daktari akapiga paja. "Wameipanga vizuri hawa watu."

Nilikuwa nimembeba mtoto. Nikahesabu. Mililita tatu sebuleni, dakika arobaini, mililita tatu jikoni.

"Mama," nikasema, "nesi alisema dawa ikizidi inaumiza ini." Hilo nesi hakulisema, nililisikia kwa jirani, lakini ni kweli na lilinifaa.

"Haizidi. Imeandikwa mara nne."

"Na ameandika akiwa na homa. Mtoto hana homa."

"Umempima?"

Nikampima kwapani. Kipimo kikalia. Thelathini na sita nukta tisa. Nikakiinua kama mwamuzi anayeonyesha kadi.

Daktari akakichukua, akakitingisha kama vile kuna kitu kimenasa ndani. "Shemeji, hiki kinapima nje. Kuna homa ya ndani. Tairi unaweza kulikuta limesimama, zuri, limejaa, kumbe linatoa upepo polepole. Mpaka ulitie kwenye maji ndipo unaona mapovu."

"Mtoto hatiwi kwenye maji."

"Sikusema atiwe. Nasema hamuwezi kujua."

"Tulinganishe," akasema Mwalimu, na akajiweka kipimo yeye mwenyewe. Thelathini na sita nukta tatu. Akavua miwani. "Mimi mzima wa afya nina nukta tatu. Yeye ana nukta tisa. Amenizidi mara tatu."

Mtu aliyekwisha kuzidisha habishiwi. Saa ya sebuleni ilikuwa sita kasoro dakika mbili, chupa imefunguliwa, dawa imevutwa kwenye bomba hadi mstari wa tatu, sawasawa kabisa. Hilo linaniuma hadi leo, walivyokuwa makini. Daktari amenawa mikono kwa sabuni mara mbili. Mwalimu ameshika kitambaa. Ungewaona ungesema wanakwenda kumpasua mtu moyo.

Nikakaa kwenye mkeka, nikafungua kifua, nikamnyonyesha mtoto.

"Mtoe kidogo," akasema Mwalimu.

"Ana njaa, Mama."

"Saa sita ndiyo hii."

"Naye ndiyo kwanza ameshika. Nikimtoa atapaliwa."

Hakuna bibi anayemtoa mjukuu kwenye ziwa. Wakasimama juu yangu na bomba. Nikambadilisha upande wa pili. Wakasubiri. Saa ya sebuleni ikapita sita, ikafika na kumi, na robo. Mtoto akashiba, akabaki ananyonya kwa adabu tu, kama mgeni anayelazimishwa kuongeza. Mimi namkanda mgongo na kumsihi kimoyomoyo asiachie.

"Hii ya sebuleni imeshatupita," Daktari akasema kwa huzuni. "Tuiwahi ya jikoni."

Ya jikoni ilipokaribia, Mungu si wangu peke yangu lakini siku hiyo alikuja upande wangu, mlango ukafunguliwa akaingia mume wangu. Yeye ni fundi wa mapaa. Alikuwa juu ya mabati tangu asubuhi, jua la utosi, uso mwekundu, shati limegandana na mgongo. Akaanguka kwenye kiti.

"Mbona mmekusanyika? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu," akasema Mwalimu. "Hebu njoo nikupime."

"Nipimwe nini?"

"Kaa."

Thelathini na nane nukta moja.

Daktari akatazama bomba lililokuwa mkononi mwake kwa dakika arobaini, akatazama saa ya jikoni, ambayo mshale wake mrefu ulikuwa unagusa juu kabisa, akaisoma tena kadi.

"*Akiwa na homa thelathini na nane au zaidi, mpe mililita tatu.*" Akainua kichwa. "Haijataja jina."

"Kaka, mimi nimetoka juani. Nataka maji."

"Fungua mdomo."

Mume wangu ana kilo themanini. Alifungua mdomo kama kifaranga, kwa sababu mama yake alikuwa amemshika kidevu. Mililita tatu za mtoto wa kilo sita zikapotea kwenye lile koo, nina hakika hazikufika hata kifuani. Nikampa maji, akanywa vikombe vitatu, akakaa penye upepo, na baada ya nusu saa alikuwa na thelathini na sita nukta nane.

"Unaona," Daktari akamwambia mama yake. "Dawa kali ile."

Nilifurahi. Nilidhani yamekwisha. Mwalimu akaifunga chupa, akaitia kwenye kabati lake pamoja na bomba, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautumbukiza kifuani. Nikamwacha. Niliona bora ikae huko kuliko mikononi mwa Daktari.

Saa nane na nusu mtoto akaamka, akalia kilio ambacho sikukijua. Hakikuwa cha njaa wala cha kulowa. Kilikuwa chembamba, cha kulalamika, na alipoguswa paja la kushoto kilipanda. Nikamgusa tumbo, nikamgusa shingo. Nikampima. Thelathini na nane nukta nne.

Hili ndilo nililoambiwa. Nikamvua ile sweta na blanketi mbili alizofungwa na bibi yake, nikambakisha na nguo nyepesi, nikampa ziwa. Akanyonya, akaacha, akalia. Nikaenda sebuleni.

"Mama, sasa ana homa. Nukta nne. Naomba ile dawa."

Mwalimu akatazama ukutani. "Saa ngapi sasa?"

"Nane na nusu imepita."

"Saa sita ilikwisha kupita. Zote mbili."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mama?"

"Mwanangu, mimi si mkaidi. Mchana nilitaka apewe, ukanyonyesha. Sasa tunangoja saa sita ya usiku. Kadi iko wazi, kila saa sita. Hatuwezi kumpa mtoto dawa saa nane kwa sababu tumejisikia."

"Na nesi alikuonya, shemeji," akasema Daktari, ambaye alikuwa hajarudi kazini siku ile kwa ajili ya ugonjwa wa watu wengine. "Ukizidisha ini linaharibika."

"Hajapewa hata tone. Aliyepewa ni baba yake."

"Lakini zamu ya saa sita imetumika."

Mume wangu akainuka kitini. "Jamani, mtoto si analia? Si mumpe?"

"Wewe nyamaza," mama yake akamwambia, "una dawa mwilini."

Nikabaki nimesimama katikati ya sebule na mtoto wa moto begani. Saa sita walitaka kumpa asiyeumwa, sasa anaumwa wanamnyima, na mara zote mbili wananionyesha karatasi ileile. Nikaitazama ile kadi mezani. Nikawaza kama mwanafunzi anayeambiwa asome tena swali. Nesi alisema nini, kwa mdomo wake, kabla kalamu haijapita? Alisema masaa. Alisema baada ya.

Nikaichukua kadi, nikachukua simu ya mume wangu, nikabonyeza namba, nikaweka sauti kubwa. Sikuomba ruhusa. Mwalimu aliinua nyusi, nami nikageukia ukuta ili nisizione.

Nesi alipokea huku nyuma yake watoto wanalia. Nikajitambulisha, mama wa mtoto wa kilo sita, yule mwenye bibi wa kijiko.

"Ehee. Bibi wa kijiko. Kuna nini?"

"Ana thelathini na nane nukta nne, Sista. Hajapewa dawa yoyote leo."

"Ananyonya?"

"Ananyonya, anaacha."

"Amelegea? Anapumua kwa shida? Amestuka-stuka mwili?"

"Hapana. Analia kwa nguvu, na paja linamuuma."

"Basi si umpe? Unanipigia simu ya nini?"

"Wanasema saa sita imepita."

"Saa sita ipi?"

Hapo Mwalimu akasogea, akainamia simu kwa heshima kama mtu anayesalimia kaburi. "Sista, hujambo. Ni mimi bibi yake. Tunafuata maandishi yako. Umeandika arudie kila saa sita."

"Mimi? Hebu nisomee neno kwa neno."

Akasoma. Nesi akasema, "Sikuandika hivyo. Niliandika kila baada ya masaa sita."

"Ndiyo. Nikarekebisha. Masaa si Kiswahili sanifu."

"Mama, wewe ni mwalimu?"

"Miaka thelathini na moja."

"Mwalimu, umesahihisha lugha ukabadilisha dozi."

Mume wangu akatazama dirishani, mabega yakimcheza. Mimi sikuthubutu kugeuka.

"Wingi wa saa," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyoizoea, "ni saa."

"Sikatai. Lakini nikiandika saa sita unatazama ukutani. Nikiandika masaa sita unahesabu. Nataka uhesabu. Ukimpa sasa, zihesabu sita tangu sasa, na huwezi kurudia kabla hazijatimia. Na kuanza hakuna saa yake. Kunaanzwa na homa. Homa ikija saa tatu unaanza saa tatu, ikija saa kumi alfajiri unaanza hapohapo."

"Ungeandika basi *kila baada ya muda wa saa sita*."

"Nina akina mama sitini kwenye benchi, Mwalimu."

"Ni maneno mawili tu yanaongezeka."

"Kwa akina mama sitini ni maneno mia moja na ishirini. Mtoto ameshapewa?"

Mtoto alijibu yeye, kwa kilio chake kile chembamba, mpaka nesi akakisikia.

"Nampa nani maelekezo hapo?" akauliza. "Nani anashika dawa?"

Swali lile lilikuwa dogo, lakini lilizunguka sebule nzima. Mwalimu alitazama simu, akanitazama mimi. Mimi niliutazama ufunguo, yaani niliutazama pale ulipokuwa.

"Mimi," nikasema. "Mama yake."

"Haya. Mililita tatu, kwa lile bomba nililokupa. Ndani ya shavu, polepole, asipaliwe. Andika saa uliyompa. Asipokuwa na homa tena na amechangamka, humpi tena hata kama muda umetimia. Dawa hii haina kumaliza dozi. Homa ikiendelea hadi keshokutwa, au akikataa kunyonya, au akilegea, au akistuka, usipige simu. Mlete."

Nikarudia yote. Akasema vizuri, akakata.

Nikanyosha mkono mbele ya mama mkwe wangu, kiganja juu. Katika miaka mitatu ya ndoa yangu sijawahi kumnyoshea mkono kwa namna ile. Nilikuwa nikinyosha mikono yote miwili, tena nimepiga goti kidogo. Alikaa akiutazama kana kwamba ni sentensi yenye kasoro asiyoiona iko wapi. Kisha akatia mkono kifuani, akautoa ufunguo, ulikuwa wa moto, akaniwekea.

Nikafungua kabati, nikaliosha bomba, nikavuta dawa hadi mstari wa tatu, nikagonga povu, nikampa nusu shavu hili, nusu shavu lile. Akakunja uso, akameza, akalamba mdomo kutafuta utamu. Ilikuwa saa nane na dakika hamsini, kwa saa ya simu.

"Ya simu ndiyo saa ipi?" Daktari akauliza. "Ya sebuleni au ya jikoni?"

"Kaka," mume wangu akasema, "kazibe pancha."

Saa kumi mtoto alikuwa na thelathini na saba nukta tano, jasho jembamba kwenye paji la uso, ananyonya bila kuacha. Saa kumi na mbili alikuwa akipiga teke lile paja lisilouma na kuzungumza na dari.

Lakini nyumba ile ilikwisha kuzoea kusubiri dawa. Zilipotimia saa sita tangu nilipompa, yaani saa tatu kasoro dakika kumi za usiku, mezani vyombo vimekwisha kuondolewa, nikawakuta wamejipanga wenyewe. Daktari amenawa. Mwalimu ana kitambaa. Mume wangu amekaa mbali kidogo na wote, amefunga mdomo.

"Muda umetimia, Mama," Daktari akasema. "Tunampa?"

"Muulize mama yake," akasema Mwalimu.

Daktari akageuka kunitazama, kwa mshangao wa mtu anayeelekezwa kwenye mlango aliodhani ni ukuta.

Nikampima mtoto. Nikasubiri kipimo kilie. Nikakisoma, nikakisoma tena, maana walikuwa watatu wananitazama na sikutaka kukosea. Thelathini na sita nukta nane.

"Hapewi."

"Hata kidogo?" Daktari akauliza. "Matone mawili tu, kwa ajili ya usiku?"

"Hana homa."

"Na ya ndani je?"

Nikamtazama Mwalimu, kwa mazoea, nikingoja aseme. Alikuwa anamtazama mtoto, naye mtoto ameshika kidole chake na kukivuta mdomoni.

"Shemeji yako amesema hapewi," akamwambia mwanawe, bila kuinua macho. "Nenda kalale."